Mzee Wangu wa Keko na Milango Tunayoagiza kwa Haraka

Leo ni Jumapili ya tatu ya Juni, Siku ya Baba, na kila ninapofungua simu naona picha za wazee wetu. Wangu ni fundi seremala. Amefanya kazi Keko, Dar es Salaam, tangu kabla sijazaliwa hadi mgongo ulipomkatalia. Nataka kumshukuru kwa kuandika jambo moja alilonifundisha kiwandani kwake, kwamba mbao lazima ikauke vya kutosha kabla ya kuundwa, kwa sababu huku Kanada nimeliona likiheshimiwa kwa fedha nyingi, na nyumbani naliona likivunjwa kila siku. Wanaolivunja zaidi ni sisi tulio nje.

Mteja alipofika kwa Mzee akiwa na picha ya mlango au meza, swali la kwanza halikuwa bajeti yake. Alimuuliza, "Nyumba iko wapi?" Wateja wengine walidhani anatafuta kujua kama wana uwezo. Alichokuwa anataka kujua ni hewa ya huko. Mbao ina maji ndani yake, na hata ikikauka haiachi kupumua. Penye unyevu mwingi inavuta maji na kutanuka, penye ukavu inayatoa na kusinyaa. Haisinyai kwa urefu kiasi cha kukusumbua, inasinyaa kwa upana. Mbao iliyotulia Dar, karibu na bahari, hubaki na maji ya asilimia 14 au 15 hivi ya uzito wake mkavu, hata ukiiacha ndani miaka mitano. Ukiipeleka mahali pakavu itaendelea kushuka, na fremu uliyoibana kwa gundi na misumari itapasuka au kuachia.

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, Keko ilipata oda nyingi za watumishi waliokuwa wanajenga huko. Mteja wetu mmoja alitaka milango ya mninga na meza ya chakula yenye upana wa mita 1. Alikuwa amezunguka kwa mafundi wengine, na wote walimwahidi kazi ndani ya wiki tatu. Mzee alimwambia miezi, kisha akanituma nilete penseli akamchorea kwenye kipande cha plaiwudi.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kwa mbao nyingi, kila asilimia moja ya maji inayotoka hupunguza upana kwa karibu robo ya asilimia. Mbao iliyotoka kwa muuzaji wiki iliyopita inaweza kuwa na maji ya asilimia 25. Dodoma wakati wa kiangazi itashuka hadi kwenye 10. Hizo ni asilimia 15 za maji, na upana unapungua kwa karibu asilimia 4. Meza ya mita 1 inapoteza karibu sentimita 4. Mninga hutulia kuliko mbao nyingi, ndiyo maana mafundi wanaupenda, lakini hata ukisinyaa nusu ya hapo, hakuna gundi itakayoizuia meza hiyo isipasuke katikati. Mteja aliangalia ile plaiwudi muda mrefu, kisha akakubali kusubiri.

Mzee alinunua mbao zote siku moja kwa kianzio cha mteja. Tulizipanga chini ya paa la bati lenye pande wazi, juu ya matofali zisiguse ardhi, na kati ya safu na safu tukaweka vijiti vya inchi moja. Vijiti vilipaswa kusimama mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Kijiti kikikaa pembeni ya mwenzake, uzito wa mbao za juu unapinda za chini, na mbao iliyokauka ikiwa imepinda huinyooshi tena ila kwa kuirandia ikaisha. Miisho ya kila mbao tuliipaka rangi iliyobaki kwenye makopo ya kazi za zamani. Maji hukimbia haraka zaidi kwenye miisho, na ndiyo maana mbao nyingi zinaanza kupasuka huko.

Sasa utajuaje kwamba imekauka? Mzee hakuwa na kipima unyevu. Alikuwa na kipande kimoja cha mbao kutoka kwenye lile lile rundo, na duka la jirani lilikuwa na mizani ya kupimia sukari. Kila Jumamosi nilipeleka kile kipande kwa mwenye duka, kikapimwa, nikaandika uzito juu yake kwa penseli, tarehe pembeni, kisha nikakirudisha ndani ya rundo. Wiki za mwanzo uzito ulianguka waziwazi. Baadaye ukawa unashuka kidogo kidogo. Ulipokaa pale pale wiki kadhaa mfululizo, na mvua haikuwa imenyesha kutudanganya, Mzee alisema mbao imefika. Kwa mbao yenye unene wa inchi moja alihesabu miezi minne hadi sita. Ya inchi mbili hakutaka hata tuizungumzie kabla ya mwaka. Vijana wa viwanda vya jirani walikuwa wakigonga mbao na kuisikiliza mlio, au kuiweka shavuni kusikia ubaridi. Naye alifanya hivyo, lakini alisema shavu linakwambia habari za juu ya mbao tu, mizani inakwambia za ndani.

Lakini kukauka Dar ni kukauka kwa Dar. Kwa hiyo mbao zilisafirishwa kwa lori hadi Dodoma zikiwa zimepasuliwa kwa vipimo, lakini hazijaunganishwa. Zikakaa ndani ya nyumba ya mteja, kwenye vijiti, miezi miwili ya kiangazi. Kisha mimi na Mzee tukapanda basi na boksi la vifaa: randa, patasi, klampu, misumeno.

Nataka mjue alivyounda ile milango. Fremu aliiunga kwa ulimi na tundu, na gundi akaitia pale tu. Ile mbao pana ya katikati haikuguswa na gundi wala msumari. Aliichonga kingo, ikaingia kwenye mfereji uliochimbwa ndani ya fremu, na akaacha nafasi ya milimita tatu au nne kila upande. Ikisinyaa inarudi ndani ya mfereji, ikitanuka wakati wa mvua ina pa kwenda. Tena aliipaka vanishi hadi kwenye kingo kabla ya kuifungia. Nilimuuliza kwa nini kupaka sehemu ambayo haitaonekana. Akajibu kwamba itaonekana, mbao ikishasogea, na mteja ataona mstari mweupe kuzunguka mlango mzima. Uso wa meza nao hakuupigilia kwenye miguu. Aliushika kwa vibanzi vya mbao vilivyoingia kwenye mfereji na kuruhusiwa kuteleza. Meza ile ipo, na milango inafungika mvua na jua.

Nimefika Winnipeg nikapata kazi kwenye kiwanda cha makabati ya jikoni. Hapa mji wenyewe ni mtihani wa mbao. Nje wakati wa baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, ndani watu wanawasha hita miezi kadhaa, na hewa ya ndani inakauka mpaka midomo inapasuka. Mbao ndani ya nyumba hizo hushuka hadi kwenye asilimia 6. Kwa hiyo kiwanda kinapokea mbao zilizopita kwenye tanuru la kukaushia, zikiwa kati ya asilimia 6 na 8. Kila rundo linachomwa kipima unyevu chenye sindano mbili, na kwenye ukumbi wenyewe kuna mitambo ya kurushia mvuke hewani ili mbao isiendelee kukauka mikononi mwetu. Rundo likisoma 11 linarudishwa, na hakuna anayebishana na ile namba.

Kisha nikafika kwenye meza ya kuunganishia milango. Kwenye mfereji wa fremu wanatumbukiza vidonge vidogo vya mpira kabla ya kuingiza mbao ya katikati. Vinabonyea mbao ikitanuka, vinaisukuma irudi katikati ikisinyaa. Nafasi iliyoachwa ni ile ile ya Mzee. Nilijisikia fahari sana siku hiyo, maana kijana niliyefundishwa Keko nilikuwa najua sababu ya kila hatua, wakati wenzangu wengi pale wanajua kituo chao tu. Kazi hapa imekatwa vipande: mmoja anakata, mwingine anaunganisha, mwingine anapaka. Mteja hawamwoni. Ni mfumo unaotoa kazi nzuri kwa wingi, naukubali, lakini ufundi mzima kichwani mwa mtu mmoja niliuona nyumbani.

Basi kwa nini milango mingi ya kwetu inapinda? Nimesikia mazungumzo haya kwenye kila sherehe ya Watanzania huku: mafundi wa bongo ni wababaishaji, bora kununua mlango wa Uturuki au China. Silikubali hilo. Kilichopo huku na hakipo Keko ni mtu wa kulipia muda wa mbao kukauka. Fundi wa Keko hana mtaji wa kununua rundo leo na kulilaza nusu mwaka. Anaishi kwa kianzio cha mteja, na kianzio hicho kinanunua mbao ya oda hiyo hiyo, mbichi, inayorandwa kesho yake.

Na mteja mwenyewe ni nani? Mara nyingi ni mimi na wewe. Tunapiga simu Oktoba: nyumba imepauliwa, nakuja Krismasi, nataka milango yote iwe imefungwa. Fundi akisema miezi sita tunamwacha, tunamtafuta anayesema wiki tatu. Yule mwaminifu anakosa kazi, na anayetuambia tunachotaka kusikia anapata. Mwaka unaofuata mlango unakwama kwenye fremu wakati wa masika, au unaonyesha mwanga katikati ukifika kiangazi, na tunasema fundi katudhulumu.

Mwaka huu ndugu yangu anajenga Kibaha. Tumeanza na mbao wakati nyumba iko kwenye msingi. Fedha ya mbao nimeituma peke yake, mbali na ya ufundi, na makubaliano ni kwamba mbao ni zetu na fundi analipwa kodi ya kuzihifadhi kwenye banda lake. Kwa njia hiyo hashawishiki kuzitumia kwa oda ya mtu mwingine, na yeye hafungi mtaji wake kwa ajili yetu. Kila Jumamosi ananitumia picha ya kipande kikiwa juu ya mizani. Aliyetuchagulia mbao ni Mzee mwenyewe. Alikaa kwenye kiti pale dukani, akaamuru zigeuzwe moja moja, na kati ya zile zilizoletwa alizirudisha karibu nusu.