Pampu ya tano na barua ya kuhamisha fedha

"Kikundi chetu Kilifi kilipata ruzuku ya dola 60,000 kukarabati visima vitano. Bajeti tuliiandika Januari 2024, dola ikiwa shilingi 160. Fedha zikaingia Aprili kwa 130. Fungu la vifaa ni dola 24,000, ila bei halisi ni shilingi 3,900,000, yaani dola 30,000. Mafunzo yalitengewa 12,000, yamebakiza 6,000, nazo tunataka kuzihamishia kwenye vifaa. Mwenyekiti anataka tununue kwanza, maelezo yaende na ripoti. Mhasibu anataka barua ya kumwomba mfadhili kibali iende kwanza. Nani yuko sahihi?"

Mwenyekiti ana hoja, tena nzito. Nukuu ya bei ya muuzaji ina muda wake, mara nyingi siku 30, na jibu la mfadhili linaweza kuja nukuu imeshakufa. Fedha ni zile zile, mradi ni ule ule, na watu wanateka maji mbali kila siku inayopita.

Ila mkaguzi akija atafungua mkataba na kulinganisha tarehe. Akikuta mmelipa tarehe 10 na kibali ni cha tarehe 25, ana haki ya kuandika kwamba gharama hiyo haikubaliki, na kikundi kitatakiwa kuirudisha. Kikundi cha kijijini kitazitoa wapi dola 6,000? Hapo mimi nasimama na mhasibu.

Wengi hujifariji kwamba "mkataba unaruhusu asilimia kadhaa". Asilimia ya nini? Dola hizo 6,000 ni asilimia 10 ya ruzuku yote, asilimia 25 ya fungu la vifaa, na asilimia 50 ya fungu la mafunzo. Mikataba mingi ya misaada ya Umoja wa Ulaya huruhusu kuhamisha bila nyongeza ya mkataba iwapo badiliko halizidi asilimia 25 ya kila fungu linaloguswa. Vifaa vingepita, mafunzo yangekwama. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani nazo zinataka kibali kabla ya kutoa fedha zilizotengwa kwa posho na nauli za washiriki, hata kiasi kikiwa kidogo. Kwa hiyo someni kifungu chenu kwa kuangalia fungu linalotoa pia.

Kwenye barua, kishawishi ni kuitwika dola lawama yote. Piga hesabu kwanza. Bajeti ya vifaa ilikuwa shilingi 3,840,000. Ukizigawa kwa 130 unapata dola 29,538. Basi 5,538 zimetokana na kubadilika kwa thamani ya shilingi, na 462 zilizobaki ni bei kupanda au makadirio yenu kuwa ya chini mno. Andikeni vyote viwili, mkiambatisha hati ya benki yenye kiwango cha siku fedha zilipobadilishwa. Afisa wa ruzuku atarudia hesabu hiyo hiyo, na zile 462 atazikuta.

Swali gumu zaidi linahusu mafunzo. Mfadhili ataogopa jambo moja kati ya mawili: ama hamkufundisha, ama mlivimbisha bajeti. Kama kamati zote za maji zilifundishwa, ila darasani shule ya msingi badala ya hotelini, na washiriki wakarudi kulala kwao, basi hiyo ni akiba, na orodha za mahudhurio zinaithibitisha. Kama vikao vitatu havikufanyika, hiyo ni kazi iliyobaki. Kuihamisha fedha yake ni kuamua kwamba pampu itafungwa bila watu wa kuitunza, na barua iseme hivyo waziwazi.

Kuna jambo ambalo hamkuuliza: mishahara. Kama inalipwa kwa shilingi, nayo itazidi kwa dola kwa sababu ile ile. Kwa mfano, fungu la mishahara la dola 12,000 lililokokotolewa kwa 160 litahitaji 14,769 kwa kiwango cha 130. Mkiomba akiba yote iende kwenye vifaa leo, baada ya miezi mitatu mtaandika barua ya pili, na hiyo ndiyo inayomchosha mfadhili. Kadirieni matumizi ya kila fungu hadi mwisho wa mradi, kisha ombeni mara moja, hata kama pampu itapata pungufu.

Kuhusu haraka ya mwenyekiti, ipo njia. Kila kisima kinagharimu shilingi 780,000, na dola 24,000 zilizokwisha kuidhinishwa zinatoa 3,120,000. Hizo zinatosha visima vinne kamili, bila kibali cha yeyote. Anzeni navyo wiki hii. Barua iombe kisima cha tano, ikitaja kijiji chake, tarehe ambayo nukuu inaisha, na kwamba hakuna shilingi ya kisima hicho iliyolipwa bado.