Kafiwa harusi ikikaribia: kianzio cha ukumbi kirudi au kibaki?

"Risiti yetu imeandikwa pesa ikishalipwa hairudishwi. Mteja kafiwa na baba yake siku tisa kabla ya harusi, anadai kianzio chake. Nikimpa, kesho si kila mtu atakuja na msiba?" – mwenye ukumbi, Dar es Salaam

Hofu hiyo ina msingi. Ukumbi unauza Jumamosi, na Jumamosi ikishapita haiwekwi stoo. Aliyeshika tarehe ya Desemba amesababisha wengine waambiwe pamejaa. Halafu huruma isiyo na utaratibu ina upendeleo wake: anayemjua bosi anarudishiwa, asiyemjua anaonyeshwa maandishi ya chini ya risiti na kuondoka kimya. Anayekataa kumrudishia yeyote angalau hambagui mtu.

Ila kianzio kipo kumkinga mwenye ukumbi na hasara, na hasara hiyo inapigiwa hesabu. Tuseme ukumbi ni shilingi 2,400,000 na mteja kalipa nusu, 1,200,000. Mpambaji ameshapewa 200,000 na vitambaa vimenunuliwa. Tarehe ikitangazwa upya ikapata mtu wa dakika za mwisho kwa 1,800,000, mwenye ukumbi kapungukiwa 600,000 kwenye bei, na akiongeza hela ya mpambaji hasara yake ni 800,000. Mfiwa arudishiwe 400,000. Tarehe isipopata mtu, hata ukitoa mafuta ya jenereta, walinzi na usafi ambavyo havikutumika, hasara inapita kianzio chote na hakuna cha kurudisha. Huruma ni ileile mara zote mbili, kilichobadilika ni hesabu, na hesabu hiyo unaweza kumwonyesha mteja yeyote bila kuona aibu.

Ndiyo maana naona msaada wa kwanza uwe kuhamisha tarehe, fedha taslimu zifuate baadaye. Wafiwa wengi hawajaghairi ndoa, wanataka arobaini ipite kwanza. Ahamishiwe mara moja, ndani ya miezi 12, bila faini. Akitoka siku ya katikati ya wiki kwenda Jumamosi ya msimu, aongeze tofauti ya bei. Asiyeweza kuhama asubiri tarehe yake ipite, kisha hesabu ifanywe kama hapo juu. Kuahidi fedha kabla ya kujua kama tarehe imeuzika ndiko kunakoziumiza kumbi ndogo.

Pagumu zaidi ni kuamua ni nani akifa ndipo msamaha utolewe. Kwetu baba mdogo ni baba, na binamu aliyelelewa nyumba moja nawe ni ndugu. Ukiacha wazi, kila ukoo utapanuka. Kuna orodha ya kuazima: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mtoto, mjukuu, kaka au dada. Faida yake ni kwamba hukuitunga wewe siku ya ugomvi. Upungufu wake ni kuwaacha wakwe na mlezi. Kwa ukumbi wa harusi ningewaongeza wote wawili, kwa upande wa bwana na wa bibi harusi, kisha nifunge mlango hapo. Shangazi atabaki nje, na kuna mteja atakayeumia kwa hilo.

Ugonjwa unahitaji mpaka mwembamba zaidi, kwa kuwa hauna siku moja ya kuhesabia. Uwahusu maharusi na wazazi wao tu, na cheti cha daktari kiseme siku ambazo mtu hawezi kuhudhuria. Jina la ugonjwa halimhusu karani wa mapokezi.

Ushahidi nao una wakati wake. Kudai cheti cha kifo siku ya mazishi ni ukatili, tena hakisaidii: aliyefia kijijini akazikwa siku hiyohiyo anaweza kukosa karatasi yoyote kwa wiki kadhaa. Sogeza tarehe leo kwa simu, halafu upe siku 30 za kuleta kibali cha mazishi au barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Asipoleta, masharti ya kawaida yanarudi. Wa kughushi hawatakosekana, lakini anayepata kuhama tarehe tu hana sababu kubwa ya kughushi.

Uamuzi uwe wa mtu mmoja, na kila ombi liandikwe kwenye daftari, hasa yaliyokataliwa, pamoja na sababu. Ukikuta umemkubalia mteja mkubwa jambo ulilomnyima mdogo mwezi uliopita, mpigie simu yule mdogo. Masharti mapya yachapwe kwenye risiti, na wanaoshika risiti za zamani wapewe haki hiyohiyo, akiwemo huyu aliyefiwa na baba yake.