Anzeni na kalenda ya mwombaji

Kamati nyingi za ufadhili wa masomo husoma andiko la utafiti kwa kutafuta upya wake kwanza, mbinu baadaye, na mwisho kabisa kama kazi inatekelezeka. Mimi naona tungeanza na utekelezaji, kwa sababu hapo ndipo udhaifu wa mengine yote hujitokeza.

Chukua andiko la shahada ya uzamili kuhusu wakulima wa mwani Unguja. Mwombaji anataka kujua jinsi joto la bahari linavyoua mwani aina ya kotonii, ambao bei yake ni nzuri kuliko ya spinosamu lakini hauvumilii maji ya moto. Atahoji wakulima 384 katika vijiji viwili, kuanzia Juni hadi Agosti.

Miezi hiyo ni ya kusi, maji yamepoa. Kotonii hupata shida zaidi wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, pale matawi yanapogeuka meupe, yakalainika na kukatika kwenye kamba. Kwa hiyo mtafiti atafika pwani wakati tatizo lenyewe halipo, aulize watu wakumbuke. Tena siku za bamvua, maji yakitoka sana, kina mama wako shambani wanafunga na kuvuna. Dodoso la dakika 45 kwa watu 384 ni saa 288 za mazungumzo, na hapo bado hajahesabu muda wa kufuatilia kibali cha utafiti.

Sasa hiyo 384. Inatokana na kanuni ya kukadiria asilimia kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, ikiwa watu wamechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kundi kubwa. Inanisikitisha kuikuta kila mahali, hata pasipohusika. Wakulima wa kijiji kimoja hulima kwenye maji yaleyale. Ukihoji 384 katika vijiji viwili, kuhusu joto umepata sehemu mbili tu za kulinganisha, na dodoso halipimi joto.

Upya nao? Andiko linasema utafiti kama huu haujafanyika katika vijiji hivyo. Kubadilisha jina la kijiji hakuleti swali jipya, na kwamba joto hudhuru kotonii limeshaelezwa katika utangulizi wake mwenyewe. Lakini ndani ya aya moja amegusa jambo zito, akalipita: mkulima huamua lini kuacha kotonii na kurudi spinosamu, baada ya hasara ngapi?

Mwombaji huyu nisingemkataa. Ningemrudishia andiko alijenge juu ya swali hilo: wakulima 30, mashamba 6 yenye kina tofauti, vipimajoto vinavyorekodi vikiwa vimefungwa kwenye vigingi, Novemba hadi Machi. Mwani huvunwa baada ya wiki 6 hivi, kwa hiyo ataona misimu mitatu ya mavuno kwa macho yake. Fedha alizotenga kwa wasaidizi wa dodoso zihamie kwenye vipimajoto.