Tebo ya Word: Fixed bila Window ni kugandisha ujinga

Jumamosi asubuhi, duka hata sijafagia, kaja mama mmoja mtunza hazina wa kikoba na flashi yake, anataka orodha ya wanachama, kurasa 9, kopi 4. Mimi na haraka zangu nikafungua, nikabonyeza print, nikarudi kwenye chai. Mama kachukua karatasi ya kwanza, kaigeuza, kaniangalia. "Mwanangu, mbona watu hawana pa kusaini?" Kucheki, kweli, ukingo wa kulia kuna "Sah" halafu karatasi imeisha. Na Word haikunionya chochote, maana pambizo zenyewe zilikuwa sawa, kilichotoka nje ni tebo.

Hilo kosa langu, kopi nilizitupa kimya kimya. Kilichonipandisha presha ni mpwa wake aliyeitengeneza, kapigiwa simu akajibu kwa kujiamini kabisa: "Mwambie aweke Fixed Column Width, itakaa sawa."

Itakaa sawa wapi? Kijana alipesti kutoka Excel na upana wake ukaja nao. Nilibonyeza kolamu moja moja kuangalia: Na. sentimita 1.2, Jina 5.5, Simu 3.3, Mtaa 4, Kiasi 3, Sahihi 3.5. Jumlisha, 20.5. Sasa A4 ina upana wa 21, ukitoa pambizo za 2.54 kila upande unabaki na 15.92 za kuandikia. Kwa hiyo tebo imepitiliza kwa sentimita 4 na nusu hivi, imekula pambizo yote ya kulia na bado sentimita 2 zinaning'inia hewani. Fixed haipunguzi kitu hapo! Inachofanya ni kuiambia Word "ulivyoukuta upana ndio huo huo, usiuguse," yaani umechukua tebo mbovu ukaipiga misumari.

Kinachotakiwa kwanza ni AutoFit Window. Unabonyeza popote ndani ya tebo, juu zinatokea tabo mbili za tebo, unaingia Layout (sio ile Layout ya ukurasa jamani, ile nyingine ya mwisho kulia), AutoFit, AutoFit Window. Hapo tebo inakuwa asilimia 100 ya nafasi ya maandishi, kila kolamu inabanwa kwa uwiano wake. Usihangaike kuvuta mstari wa kulia na mausi, hauonekani, uko nje ya karatasi. Ukitaka kuuona ingia View, Web Layout. Na wanaoshusha fonti mpaka 7 ili tebo iingie, upana wa kolamu haujali fonti yako, mnaumiza macho ya wazee bure.

Sasa wengi wanaishia hapo kwenye Window, na hapa ndipo nabishana nao. Ile tebo ya mama ilivyobanwa, Sahihi ikabaki 2.7, nikasema haya, inatosha. Kushuka ukurasa wa tatu kuna mtu kwenye Mtaa kaandikiwa barua pepe, ndefu, haina hata nafasi moja ya kukata. Word bado ina ruhusa ya kupanua kolamu kufuata maandishi, kwa hiyo ikaipanua Mtaa, na ili jumla ibaki 100 ikanyang'anya wenzake. Unadhani nani alinyang'anywa? Sahihi, maana iko tupu, haina wa kuitetea. Kolamu ambayo ndiyo sababu ya karatasi kuwepo!

Ndio maana Window kwanza, Fixed baadaye. Nikaiweka Fixed ikiwa tayari ndani ya pambizo, halafu nikaandika upana mwenyewe kwenye kile kisanduku cha Width: 1, 4.6, 2.7, 2.6, 2, na Sahihi 3. Jumla 15.9. Hesabu hiyo uifanye kweli, kisanduku hakikulindi, ukizidisha kolamu moja tebo inatoka tena. Ile barua pepe ikakatika katikati ikashuka mstari wa pili, mbaya kuangalia lakini haikumsogeza mtu. Namba za simu nazo zitakatika hivyo hivyo ukizibana, za tarakimu 10 kwa Times New Roman 12 zinataka kama 2.5, ndio maana nikaweka 2.7.

Haya, nakubali, kuna siku Fixed itakuumbua. Ukilaza karatasi, ile 15.9 inabaki 15.9 imejikunyata kushoto, wakati Window peke yake ingetanuka yenyewe. Kwa ripoti ya kusomwa tu kwenye skrini sina ugomvi na Window. Ila karatasi ya kusainiwa hapana.

Mama aliletewa karatasi mpya, akachukua kalamu kaunta, akasaini jina lake kwenye mstari wa 1 pale pale kujaribu. Ikaingia, na mkia wake mrefu ule. "Hii niliyoisaini nitabaki nayo," akasema, "nimpelekee yule mtoto."