Mafua yamebana na sukari iko juu: uchanjwe au ungoje?

"Nina kisukari, mashine inasoma 14 na mafua yamenibana. Nichanjwe leo chanjo za homa ya mafua, nimonia na homa ya ini B, au ningoje sukari ishuke?"

Wanaoshauri kungoja wana hoja. Chanjo inaweza kuleta homa ndogo na kupandisha sukari kwa siku moja au mbili. Ukichanjwa ukiwa mgonjwa kweli, homa ikipanda usiku hutajua uilaumu chanjo au ugonjwa. Kwa hiyo mwenye homa ya nyuzi 38 na zaidi, anayetapika au anayepumua kwa shida atibiwe kwanza, apimwe ketoni, asidi zinazojaa mwilini insulini ikipungua, na arudi kuchanjwa akishapona.

Mafua ya kupiga chafya bila homa si kizuizi, na hakuna kiwango cha sukari ambacho lazima ukifikie kwanza. Hata hiyo 14 huenda imeletwa na mafua yenyewe. Mwili ukipambana na vimelea humwaga homoni za kotisoli na adrenalini. Ini hutoa sukari zaidi, na insulini hufanya kazi kwa shida. Sukari ikikaa juu, chembe nyeupe za damu nazo huzubaa. Ndiyo maana ugonjwa ambao jirani anaumaliza kitandani humfikisha mwenye kisukari kwenye nimonia. Kusubiri sukari itulie kunaweza kula miezi, na chanjo ya homa ya mafua huchukua kama wiki mbili kujenga kinga.

Chukua mama wa miaka 58, anayetumia metformini na insulini ya usiku, hana homa. Leo achomwe ya homa ya mafua mkono mmoja na ya nimonia mkono wa pili. Zinakwenda pamoja bila tatizo. Ya homa ya ini B ianze na kipimo cha damu, maana huku kwetu wengi wameshaambukizwa bila kujua. Akiwa hana virusi wala kinga, atapata dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Akiugua siku ya dozi ya tatu aisogeze mbele, asianze upya. Kwa siku mbili baada ya sindano apime sukari kila baada ya saa nne hadi sita akiwa macho, na insulini ya usiku asiiache hata kama chakula hakipiti. Akitapika, metformini isimame kwanza na aende hospitali.

Kikwazo kikubwa, kusema kweli, ni mfuko: chanjo hizi za watu wazima mara nyingi unajilipia. Hapo ndipo watu huchomwa ya nimonia yoyote iliyopo dukani. Lakini chanjo za nimonia ni za aina tofauti. PCV20 ni dozi moja, inatosha. PCV13 hufuatwa na PPSV23 baada ya mwaka, kwa kawaida. Ukianza na PPSV23, PCV itabidi ingoje mwaka mzima. Piga picha ya boksi kabla halijatupwa. Kadi nyingi huandikwa "nimonia" tu, na anayekuchanja safari ijayo hawezi kubahatisha ilikuwa ipi.