Mahojiano 14 Yanatosha? Data Kushiba na Utetezi wa Sampuli Ndogo

"Nimehoji wauguzi 14 kuhusu kwa nini makosa ya dawa hayaripotiwi. Majibu yameanza kujirudia, lakini msimamizi anasema sampuli ni ndogo. Nasimama wapi?"

Kabla ya kujibu msimamizi, fungua daftari lako la misimbo, yaani majina mafupi uliyoyapa mawazo yaliyomo kwenye mahojiano. Neno "yanajirudia" halina uzito mpaka uonyeshe ni nini kinachojirudia, kuanzia usaili wa ngapi, na kwa watu wa aina gani.

Wanafunzi wengi hukimbilia namba 12 kudai kwamba data imeshiba, yaani mahojiano mapya hayaleti jipya. Inatokana na makala ya Guest, Bunce na Johnson ya mwaka 2006. Walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba sehemu kubwa ya misimbo ilikwisha kujitokeza ndani ya mahojiano 12 ya mwanzo. Lakini wahojiwa wao walifanana kwa mengi na waliulizwa maswali yaleyale. Ukiichukua namba hiyo bila masharti yake, mtahini makini ataibomoa kwa swali moja tu.

Kinachosaidia zaidi ni kuhesabu mwenyewe. Tuseme mahojiano yako 6 ya kwanza yalitoa misimbo 40, na hiyo ndiyo iwe msingi. Usaili wa 7 na wa 8 ukaongeza misimbo mipya 4, yaani asilimia 10 ya msingi. Wa 9 na wa 10 ukaongeza 3, asilimia 7.5. Wa 11 na wa 12 ukaongeza 2, asilimia 5. Wa 13 na wa 14 haukuongeza kitu. Kama tangu mwanzo ulijiwekea kikomo cha asilimia 5, ulikifikia kwenye usaili wa 12, na miwili iliyofuata ikathibitisha. Jedwali dogo la namna hiyo, likiwekwa kwenye sura ya mbinu, lina nguvu kuliko kurasa mbili za nukuu. Na kama ulihoji wote kwanza ndipo ukasimba, sema wazi kwamba hesabu ulifanya baadaye. Usiandike kwamba uliacha kuhoji kwa sababu data ilishiba, maana wakati ule hukuwa na njia ya kujua.

Hata hivyo msimamizi wako ana hoja ambayo jedwali halijibu. Angalia wa 13 na wa 14 ni akina nani. Ikiwa wote wawili wana uzoefu wa miaka mingi kama wale 6 wa kwanza, ukimya wao unaonyesha tu kwamba umeendelea kuuliza watu wa aina moja. Hapo ningetafuta waajiriwa wapya wawili watatu kabla ya kufunga. Wakileta misimbo mipya, bado hujafika.

Kuna jambo la ndani zaidi. Msimbo "hofu" huenda ulijitokeza tangu usaili wa kwanza, na kwa hesabu ukawa umekwisha. Sasa soma upya vifungu vyenyewe. Mmoja anaogopa adhabu. Mwingine anasema, "Adhabu naivumilia, ila wenzangu wakishaniona sijui kazi, zamu inakuwa ndefu." Wa tatu anawaogopa ndugu wa mgonjwa. Msimbo ni mmoja, maana ni tatu, na huenda hiyo ya pili ndiyo kiini cha tasnifu yako. Hennink, Kaiser na Marconi (2017) walionyesha tofauti hii: kwenye data yao misimbo ilitimia kwa mahojiano 9, ilhali kuzielewa maana zake kulihitaji kati ya 16 na 24. Kwa hiyo 14 yako yanaweza kutosha kuorodhesha sababu, na yasitoshe kuzifafanua.

Upande mwingine wapo wanaokataa kipimo chote. Braun na Clarke wanasema kwamba katika uchambuzi wa dhamira unaotegemea tafakuri ya mtafiti, maana haikai kwenye data ikisubiri kuisha. Huzaliwa kwa usomaji. Nakubaliana nao kwa mbinu hiyo. Ukiifuata, acha kabisa dai la kushiba na utumie hoja ya Malterud na wenzake (2016) kuhusu nguvu ya taarifa: lengo likiwa finyu, wahojiwa wakiwa na uzoefu mahususi, nadharia ikiwepo na mazungumzo yakiwa na kina, watu wachache hutosha. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kudai yote mawili katika aya moja. Mtahini akisoma hivyo anajua hukuchagua.

Kwa swali lako, linalotafuta sababu na linalotumia mwongozo mmoja wa maswali, ningebaki na hesabu. Ningeongeza wale waajiriwa wapya, kisha niandike: "Madai haya yanawahusu wauguzi wa wodi zilizohojiwa. Misimbo mipya ilishuka hadi asilimia 5 kwenye usaili wa 12. Maana za msimbo 'hofu' zimefafanuliwa kwa kadiri wahojiwa walivyozieleza, na hazidaiwi kuwa zimekamilika."

Sentensi ya mwisho usiifute hata msimamizi akiiona ni udhaifu. Hiyo ndiyo inayomzuia mtahini kukuuliza kwa nini hukuhoji 30.