Kabati refu: litateleza au litapinduka?

"Nikisukuma kabati refu kwa mlalo, nitajuaje kama litaanza kuteleza au kupinduka? Si urefu wake ndio unaoamua?"

Wanaoogopa urefu wana hoja, na nitaifikia. Ila kabati likiwa bado limesimama tuli, mashtaka mengi dhidi ya urefu si ya haki. Kinachoamua ni mahali unapoweka mikono, upana wa kitako chake upande ule unaosukumia, na msuguano wa sakafu.

Chukua kabati lenye uzito wa nyutoni 800, yaani kama kilo 80, kina chake sentimita 60, na uzito umekaa katikati. Msuguano wa sakafu tuseme ni 0.4. Ili liteleze unahitaji 0.4 × 800, yaani nyutoni 320. Ili lipinduke, lazima liinuke kwa kuegemea ukingo wa chini wa upande wa mbele, na uzito unalizuia kwa umbali wa sentimita 30. Ukisukuma kwenye kimo cha sentimita 120, nyutoni 200 zinatosha kuliinua (800 × 30 ÷ 120). Kwa hiyo litainuka kabla halijateleza. Shusha mikono hadi sentimita 60: sasa kuliinua kunataka nyutoni 400, nalo litateleza likifika 320. Mpaka wenyewe ni 30 ÷ 0.4, sentimita 75 kutoka sakafuni.

Tazama kisichoonekana katika mpaka huo: uzito haumo, na urefu wa kabati pia haumo. Watu hutoa vitabu wakidhani wameliepusha na kupinduka. Uzito ukibaki nyutoni 400, litateleza kwa 160, na kwenye sentimita 120 litainuka kwa 100. Mgongo umepata nafuu, lakini bado litainuka kwanza, mpaka ni uleule. Kabati refu linakuponza kwa sababu tu linakupa nafasi ya kusukuma juu. Kitambaa chini ya miguu kikishusha msuguano hadi 0.25, mpaka unapanda hadi sentimita 120. Na miguu ikiwa imeingia ndani sentimita 10 kila upande, zile 30 zinakuwa 20, na kwenye msuguano wa 0.4 mpaka unashuka hadi 50. Hili wengi hawaliangalii.

Dalili utaiona upande wako: ukingo wa chini karibu na vidole vyako unaachana na sakafu. Hapo ndipo wenye hofu ya urefu wanapata haki yao. Likishainuka, kabati lenye kitovu cha uzito kwenye sentimita 90 huanguka lenyewe likipita takriban nyuzi 18; vitu vizito vikiwa juu na kitovu kikapanda hadi 120, nyuzi 14 zinatosha. Vivyo hivyo likiwa tayari linateleza kwa kasi kisha mguu ukanaswa na ukingo wa kigae: msuguano hauna tena la kusema, mwendo wa kabati unalibeba mbele, na kadiri kitovu kilivyo juu ndivyo linavyohitaji kasi ndogo zaidi kuanguka.